Jinsi ya kusoma bei kivuli ya rasilimali adimu: bidhaa mbili, vikwazo viwili

Wanaojifunza programu mstari, yaani hesabu ya kugawa rasilimali chache ili faida iwe kubwa iwezekanavyo, wengi hukwama mahali pamoja. Mtu amechora grafu, amepata kona, ameshajua atengeneze ngapi za bidhaa hii na ngapi za ile. Halafu anaulizwa: je, inafaa kulipia saa moja ya ziada, na mwisho ulipe kiasi gani? Hapo maswali yanakuwa yaleyale. Bei kivuli inatoka wapi? Mbona kompyuta imeniandikia namba hasi? Mbona rasilimali iliyo ghali kuliko zote imepewa sifuri? Nitayajibu kwa mfano mmoja tu, na tutaubeba mfano huo mpaka mwisho.

Kwa ufupi kabisa, bei kivuli ya rasilimali ni kiasi ambacho faida ya juu kabisa inapanda ukipata kizio kimoja zaidi cha rasilimali hiyo, mengine yote yakibaki yalivyo, na wewe ukiwa umepanga upya uzalishaji wako. Maneno hayo ya mwisho ndiyo husahaulika, na makosa mengi huanzia hapo.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Tatizo lililokwisha kuandikwa: faida ya kila bidhaa, matumizi ya rasilimali kwa kila bidhaa, na kiasi kilichopo cha kila rasilimali.
- Uwezo wa kutatua milinganyo miwili yenye herufi mbili zisizojulikana. Hesabu nzima iliyomo humu haizidi hapo.
- Karatasi ya kuchorea grafu. Hata mchoro wa haraka unatosha, mradi mistari inakatana mahali pake.
- Jibu la swali hili: ile faida ya kila bidhaa imeshatolewa gharama gani? Usilipuuze. Utaona kwenye hatua ya 8 kwa nini nimeliweka huku mwanzoni.

Kompyuta si lazima. Kwa bidhaa mbili na vikwazo viwili, kalamu inatosha, na ukiweza kwa kalamu hutadanganywa na ripoti ya kompyuta.

## Hatua ya 1: Andika tatizo likiwa na vizio vyake

Karakana ya seremala inatengeneza makabati na milango. Kabati moja linakula saa 2 za kazi ya mkono na saa 2 za mashine. Mlango mmoja unakula saa 3 za mkono na saa 1 ya mashine. Kwa wiki kuna saa 120 za mkono na saa 80 za mashine. Faida ni 50 kwa kabati na 45 kwa mlango, kwa sarafu yoyote unayotumia.

Tuite idadi ya makabati x na ya milango y:

```
Faida:   Z = 50x + 45y   (iwe kubwa iwezekanavyo)
Mkono:   2x + 3y ≤ 120
Mashine: 2x +  y ≤ 80
x ≥ 0, y ≥ 0
```

Andika pembeni ya kila mstari kizio chake: saa kwa wiki, fedha kwa wiki. Bei kivuli itatoka ikiwa na kizio cha fedha kwa kizio cha rasilimali, yaani hapa fedha kwa saa. Ukiandika kikwazo cha mashine kwa dakika (4,800 badala ya 80, na matumizi ya 120 na 60), bei kivuli ya mashine itatoka mara 60 ndogo zaidi. Haitakuwa imekosewa, ila ukiisoma kama bei ya saa umepotea.

## Hatua ya 2: Tafuta kona bora

Chora mistari miwili. Mstari wa mkono unakata mhimili wa x kwenye 60 na wa y kwenye 40. Mstari wa mashine unakata x kwenye 40 na y kwenye 80. Eneo linalokubalika liko chini ya yote miwili, na lina kona nne. Tatu ni rahisi: (0, 0), (40, 0) na (0, 40). Ya nne ni pale mistari inapokatana. Toa mlinganyo wa mashine kutoka ule wa mkono: 2y = 40, kwa hiyo y = 20 na x = 30.

Faida kwenye kila kona:

```
(0, 0)    Z = 0
(40, 0)   Z = 2000
(0, 40)   Z = 1800
(30, 20)  Z = 1500 + 900 = 2400
```

Makabati 30, milango 20, faida 2,400. Wengi huishia hapa. Sisi kazi yetu ndiyo kwanza inaanza.

## Hatua ya 3: Tazama kipi kimeisha na kipi kimebaki

Weka jibu lako ndani ya kila kikwazo. Mkono: 2×30 + 3×20 = 120, zimeisha zote. Mashine: 2×30 + 20 = 80, nazo zimeisha zote. Rasilimali zote mbili ni adimu hapa, kwa hiyo kila moja inaweza kuwa na bei kivuli iliyo juu ya sifuri.

Lau ungekuta rasilimali fulani imebaki, hata kidogo, bei kivuli yake ni 0 na hakuna cha kukokotoa. Saa ya ziada ingeungana na zile ambazo tayari hazina kazi.

Angalia: uadimu hapa hauhusiani na bei ya sokoni. Mashine inaweza kuwa ilinunuliwa kwa fedha nyingi kuliko kila kitu karakanani, lakini kama inakaa bure siku mbili kwa wiki, bei kivuli ya saa yake ni sifuri. Na kitu cha bei ya chini kinaweza kuwa ndicho kinachobana kila kitu.

## Hatua ya 4: Ongeza saa moja, utatue upya

Hii ndiyo hatua ninayomshauri kila anayeanza aifanye kwa mkono walau mara moja, hata kama ana programu ya kompyuta. Badili 120 iwe 121, mengine uyaache:

```
2x + 3y = 121
2x +  y = 80
```

Ukitoa, 2y = 41, kwa hiyo y = 20.5 na x = 29.75. Faida mpya ni 50×29.75 + 45×20.5 = 1,487.5 + 922.5 = 2,410. Imepanda kwa 10. Basi bei kivuli ya saa ya mkono ni 10.

Sasa tulia hapo kidogo uangalie kilichotokea kwa makabati. Yamepungua. Tumeongeza rasilimali na bidhaa moja imeshuka kwa robo, huku nyingine ikipanda kwa nusu. Sababu ni kwamba mashine haikuongezeka. Ili kutengeneza nusu mlango zaidi unahitaji nusu saa ya mashine, na saa hiyo haipatikani popote isipokuwa kwa kuacha robo ya kabati. Kuacha robo hiyo kunarudisha pia nusu saa ya mkono, ambayo ukiijumlisha na saa mpya unapata saa moja na nusu, kiasi hasa cha nusu mlango. Unapata 22.5 kutoka kwenye mlango, unapoteza 12.5 kutoka kwenye kabati, na tofauti ni 10.

Ndiyo maana ni kosa kusema: "Mlango unaleta 45 kwa saa 3 za mkono, basi saa ya mkono ina thamani ya 15." Kosa hilo ni la kawaida mno. Linasahau kwamba mlango unakula mashine pia, na mashine ina mwenyewe.

Fanya vivyo hivyo kwa mashine, ukiwa umerudisha mkono kwenye 120 na kuweka mashine 81. Utapata 2y = 39, y = 19.5, x = 30.75, na faida 1,537.5 + 877.5 = 2,415. Bei kivuli ya saa ya mashine ni 15.

Angalia: usiongeze zote mbili kwa mpigo ukiwa unatafuta bei. Ukiweka 121 na 81 utapata 2,425, na hutajua 25 hiyo igawanywe vipi.

Nusu mlango na robo kabati zisikusumbue. Hizi ni wastani wa wiki: kazi iliyoachwa nusu Jumamosi inaendelea Jumatatu. Kama kwako bidhaa lazima iishe ndani ya wiki, soma sehemu ya matatizo huko chini.

## Hatua ya 5: Pata bei zote mbili kwa njia ya mkato

Kutatua upya mara mbili si kazi kubwa, lakini kuna njia fupi zaidi, nayo inakuonyesha bei hizi ni kitu gani hasa. Ita bei ya saa ya mkono u, na ya saa ya mashine v. Bidhaa ambayo kweli unaitengeneza lazima ilipe sawasawa thamani ya rasilimali inazokula. Kwa hiyo soma jedwali la matumizi kwa kushuka, bidhaa moja moja, badala ya kulisoma kwa mlalo:

```
Kabati: 2u + 2v = 50
Mlango: 3u +  v = 45
```

Mlinganyo wa kwanza unasema u + v = 25, yaani v = 25 − u. Ukiiweka kwenye wa pili: 3u + 25 − u = 45, hivyo u = 10 na v = 15. Ni zilezile za hatua ya 4.

Njia hii inafaa tu pale bidhaa zote mbili zinapotengenezwa na vikwazo vyote viwili vimeisha. Kama kona bora ingekuwa (40, 0), milango haitengenezwi, kwa hiyo mlinganyo wa mlango unaufuta; na mkono umebaki, kwa hiyo u = 0. Unabaki na 2v = 50, v = 25.

## Hatua ya 6: Hakiki kwa jumla

Zidisha kila rasilimali kwa bei kivuli yake, ujumlishe:

```
120 × 10 + 80 × 15 = 1200 + 1200 = 2400
```

Imelingana na faida. Lazima ilingane. Ikiwa hailingani, ama umekosea kutoa kwenye milinganyo, ama umetumia kona isiyo bora, ama kuna kikwazo cha tatu ulichokisahau ambacho nacho kina bei yake. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika na unanasa makosa mengi, kwa hiyo sioni sababu ya kuuruka.

## Hatua ya 7: Tafuta mipaka ya bei

Hapa ndipo wanaojua hesabu wanapotofautiana na wanaojua kuitumia. Bei ya 10 si ya kila saa utakayowahi kununua. Inasimama tu kadiri mistari ileile miwili inavyoendelea kukatana ndani ya eneo linalokubalika.

Ili kupata mipaka, acha viasi vya rasilimali viwe herufi. Mkono uwe M na mashine iwe S. Tatua ileile milinganyo:

```
y = (M − S) / 2
x = (3S − M) / 4
```

Idadi ya bidhaa haiwezi kuwa chini ya sifuri. Kwa y tunahitaji M isiwe chini ya S. Kwa x tunahitaji M isizidi 3S. Kumbe sharti lote ni sentensi moja: *saa za mkono zisipungue saa za mashine, wala zisizidi mara tatu yake*. Ukiwa ndani ya hapo, bei ni 10 na 15, hata ukibadili rasilimali zote mbili kwa pamoja.

Mashine ikibaki 80, mkono unaweza kwenda kati ya 80 na 240. Mkono ukibaki 120, mashine inaweza kwenda kati ya 40 na 120.

Nje ya mipaka hiyo kuna nini? Fuata saa za mkono mashine ikiwa 80. Chini ya saa 80, mkono ni adimu kiasi kwamba mashine inabaki bila kazi. Unatengeneza makabati tu na kila saa ya mkono inaleta 25. Kati ya 80 na 240 kila saa inaleta 10. Ukifika 240 makabati yameisha kabisa, unatengeneza milango 80, faida ni 3,600, na mashine imejaa. Saa ya 241 haileti kitu. Bei inashuka kwa ngazi: 25, 10, 0. Katika tatizo la kuongeza faida la aina hii haipandi kamwe kadiri unavyoongeza rasilimali ileile.

Angalia: mtu akikuuliza saa 200 zaidi za mkono zina thamani gani, jibu la 200 × 10 = 2,000 si sahihi. Ni saa 120 za kwanza tu zinazoleta 10 kila moja, yaani 1,200. Zile 80 za mwisho zinakaa bure.

## Hatua ya 8: Itumie kuamua ulipe kiasi gani

Sasa swali la fedha. Fundi yuko tayari kufanya saa za ziada. Mwisho umlipe kiasi gani kwa saa?

Jibu linategemea lile swali la mwanzoni: faida ya 50 na 45 imeshatolewa nini?

Chukua hali ya kwanza. Mafundi wanalipwa mshahara wa kudumu, uwe na kazi au usiwe nayo, na mshahara huo haukutolewa kwenye 50 na 45. Hapo saa ya ziada inaongeza 10 mkononi mwako kabla hujailipia. Ukiilipa 10 hujapata wala hujapoteza. Mwisho ni 10.

Hali ya pili: mafundi wanalipwa 6 kwa saa, na 6 hizo zimeshakatwa ulipokuwa unakokotoa faida ya kila kabati na kila mlango. Maana yake ile 10 ni ziada *juu ya* malipo ya kawaida. Saa yenyewe imeshajilipa 6 ndani ya hesabu, kisha ikabakiza 10. Mwisho ni 6 + 10 = 16. Ukimkatalia fundi anayetaka 12 kwa sababu "bei kivuli ni 10", umeacha 4 mezani kwa kila saa.

Nimeona watu waliokokotoa kila kitu sawasawa wakafanya uamuzi mbaya kwa kutotofautisha hali hizi mbili. Hakuna programu ya kompyuta itakayokutahadharisha, kwa sababu kompyuta haijui 50 yako ilitoka wapi.

Matumizi mengine yanayokuja bila kazi ya ziada ni kupima bidhaa mpya. Tuseme mteja anataka meza inayokula saa 1 ya mkono na saa 2 za mashine. Kutengeneza moja kunakunyima rasilimali zenye thamani ya 1×10 + 2×15 = 40. Kama meza inaleta 38, iache, japo 38 inaonekana ni faida. Kama inaleta 44, iingize kwenye mpango kisha utatue upya. Leonid Kantorovich alipochapisha hesabu za aina hii mwaka 1939, tatizo lililomwanzisha lilikuwa la mashine za kiwanda cha mbao za plaiwudi, kwa hiyo karakana yetu haiko mbali sana na chimbuko lenyewe.

## Hatua ya 9: Soma kwenye kompyuta

Kwenye Excel, tumia `Solver`, chagua njia ya `Simplex LP`, na jibu likipatikana chagua ripoti ya `Sensitivity`. Kwa mfano wetu, sehemu ya vikwazo itaonyesha hivi:

```
          Final  Shadow  Constraint  Allowable  Allowable
          Value  Price   R.H. Side   Increase   Decrease
Mkono      120     10       120        120         40
Mashine     80     15        80         40         40
```

Kumbuka kuwa `Allowable Increase` ni kiasi cha *kuongeza*, si kikomo chenyewe. Mkono una 120 na unaweza kuongezewa 120, ndipo ufike 240 tuliyoipata. Mipaka hiyo pia ni ya kubadili rasilimali moja tu, nyingine ikitulia. Ukitaka kubadili zote mbili, rudi kwenye sharti la hatua ya 7.

Kwenye Python:

```python
from scipy.optimize import linprog
r = linprog([-50, -45], A_ub=[[2, 3], [2, 1]],
            b_ub=[120, 80], method="highs")
print(r.x, -r.fun)
print(r.ineqlin.marginals)
```

Mstari wa mwisho unatoa −10 na −15. `linprog` hupunguza tu, haijui kuongeza, ndiyo maana tuliiwekea faida ikiwa hasi. Hasi hizo zinasema kwamba saa moja zaidi inashusha "gharama" kwa 10, na hiyo ni sawa na kupandisha faida kwa 10. Geuza alama, basi.

## Ukikwama

Bei imetoka hasi kwenye hesabu ya mkono. Karibu kila mara umetumia kona isiyo bora. Jaribu mfano wetu faida ya mlango ikiwa 15 badala ya 45. Njia ya mkato kwenye kona (30, 20) inatoa u = −5, kana kwamba saa ya mkono inakuletea hasara. Ukipima kona utaona (30, 20) inatoa 1,800 wakati (40, 0) inatoa 2,000. Hasi ilikuwa inakuambia uhame. Isipokuwa kama kikwazo chako ni cha aina ya "isipungue", kwa mfano umeahidi milango isiyopungua 25. Hapo hasi ni halali: ahadi inakugharimu, na kila mlango unaozidi kuahidi unapunguza faida.

Rasilimali imeisha yote lakini bei yake ni 0. Inawezekana. Faida zikiwa 60 kwa kabati na 30 kwa mlango, zinafuata uwiano uleule wa matumizi ya mashine, 2 kwa 1. Milinganyo inatoa u = 0 na v = 30. Kwenye (30, 20) saa za mkono zimeisha, lakini kuna majibu mengine mengi yenye faida ileile ya 2,400, mpaka (40, 0) ambako mkono unabaki. Saa ya ziada ya mkono ingebadili mchanganyiko wa bidhaa bila kuongeza chochote.

Programu mbili zimenipa bei tofauti kwa tatizo lilelile. Angalia kama `Allowable Increase` au `Allowable Decrease` ni 0. Ikiwa ndivyo, umesimama kwenye ukingo wa ngazi. Weka mkono 240 kamili kwenye mfano wetu: saa ukiipoteza unapoteza 10, ukiiongeza unapata 0. Programu moja inaweza kuripoti bei ya upande mmoja na nyingine ya upande wa pili, na hakuna iliyodanganya. Dawa ni ile ya hatua ya 4: tatua upya ukiwa na saa moja zaidi, kisha ukiwa na saa moja pungufu, halafu tumia bei ya upande unaotaka kwenda.

Ripoti imeandika `Lagrange Multiplier` na haina mipaka. Umeacha `Solver` kwenye `GRG Nonlinear`. Badili iwe `Simplex LP`, utatue tena.

Nimeweka sharti la namba kamili na ripoti imekataa kutoka. Ndivyo inavyotakiwa. Bidhaa zikilazimishwa kuwa namba kamili, faida hairuki tena kwa kiasi sawa kwa kila saa. Kwenye mfano wetu, mkono ukiwa 121 mpango wa makabati 30 na milango 20 unabaki vilevile na faida haisogei kutoka 2,400. Saa hiyo moja, peke yake, haikununulii kitu. Inabidi uongeze saa 4 za mkono ndipo upate makabati 29 na milango 22, faida 2,440. Kwa hiyo ondoa sharti hilo upate bei ya kukuongoza, kisha jaribu ongezeko halisi unalokusudia kununua, liwe saa 4 au 40, na ulinganishe faida mbili.